Tangazo linasema asilimia 6, soko linasema 12: maswali ya kujadili baada ya mhadhara wa mfumuko wa bei

*“Nafundisha uchumi mwaka wa kwanza. Baada ya mhadhara wa mfumuko wa bei huwatuma wanafunzi sokoni wakusanye bei za mahitaji ya nyumbani, kisha tunajadili. Mara ya mwisho mjadala uliishia kwenye malalamiko: tangazo la mwezi lilisema mfumuko ni asilimia 6, wao waliona vyakula vimepanda kwa asilimia 12, wakahitimisha kwamba takwimu zinapikwa. Sikuwa na jibu la kuwaridhisha. Niwaulize maswali gani ili mhadhara na soko vikutane?”*

Mwalimu, nianze na jambo ambalo ningelisema siku ile kama ningekuwa darasani mwako: asilimia 6 na asilimia 12 zinaweza kuwa kweli zote mbili kwa wakati mmoja, bila mtu yeyote kupika chochote. Asilimia 12 ni badiliko la bei za kundi moja la matumizi. Asilimia 6 ni badiliko la gharama ya kapu zima, yaani vyakula pamoja na pango, nauli, nishati, mawasiliano na mengineyo, kila kundi likihesabiwa kwa kadiri linavyokula fedha za walaji. Wanafunzi wako waliliona tawi moja kwa usahihi kabisa, kisha wakalipima kwa urefu wa mti. Kosa hilo halirekebishwi kwa kuwaambia waiamini ofisi ya takwimu, kwa sababu mtu aliyetoka sokoni na mfuko mwepesi hawezi kushindana na macho yake. Linarekebishwa kwa kuwapa swali ambalo haliwezi kujibiwa bila kushika kalamu.

Swali ambalo ningelianza nalo ni hili: “Kaya mbili zimenunua katika soko moja, mwezi uleule, kwa bei zilezile. Je, zinaweza kupata mfumuko tofauti?” Waache kwanza wabishane bila hesabu kwa dakika chache. Wengi watasema haiwezekani, kwa kuwa bei ni moja kwa wote. Ukishaona wamejikita katika msimamo huo, waandikie ubaoni kaya mbili.

Kaya ya kwanza ilikuwa ikitumia fedha 1,000 kwa mwezi mwaka uliopita: 600 kwa vyakula, 100 kwa nishati ya kupikia na taa, 100 kwa nauli, 150 kwa pango na 50 kwa mawasiliano. Kaya ya pili nayo, katika kila fedha 1,000, ilitumia 250 kwa vyakula, 100 kwa nishati, 150 kwa nauli, 350 kwa pango na 150 kwa mawasiliano. Sasa tuseme kwamba katika mwaka mmoja vyakula vimepanda kwa asilimia 12, nishati kwa asilimia 20, nauli kwa asilimia 5, pango halikubadilika, na mawasiliano yameshuka kwa asilimia 4. Waulize wanafunzi: ili kila kaya inunue vitu vilevile ilivyonunua mwaka jana, kwa kiasi kilekile, itahitaji kuongeza fedha ngapi?

Kaya ya kwanza itaongeza 72 kwenye vyakula, 20 kwenye nishati na 5 kwenye nauli, kisha itaokoa 2 kwenye mawasiliano. Jumla ni 95, na mfumuko wake ni asilimia 9.5. Kaya ya pili itaongeza 30 kwenye vyakula, 20 kwenye nishati na 7.5 kwenye nauli, kisha itaokoa 6 kwenye mawasiliano. Jumla ni 51.5, sawa na asilimia 5.15. Bei ni zilezile, soko ni lilelile, lakini kaya moja imeumia karibu mara mbili ya mwenzake. Tofauti yote imetoka kwenye mgawanyo wa matumizi, ambao katika lugha ya fahirisi tunauita uzito wa kila kundi. Hapa ndipo mhadhara wako unaposhuka sokoni. Hesabu waliyoifanya, ya kushika kapu la zamani na kuliuliza litagharimu kiasi gani kwa bei mpya, ndiyo aliyoipendekeza Mjerumani Étienne Laspeyres mwaka 1871, na ndiyo ambayo bado imelala chini ya fahirisi nyingi za bei za walaji duniani.

Usiwaruhusu warukie wastani wa kawaida. Daima atakuwepo mmoja atakayejumlisha 12, 20, 5, sifuri na kutoa 4, agawe kwa tano, apate 6.6, na aseme huo ndio mfumuko. Mshukuru, kwa maana amekupa swali zuri: “Wastani huo ni mfumuko wa nani?” Jibu ni kwamba ni mfumuko wa kaya inayotumia kiasi sawa kwa mawasiliano na kwa vyakula, na kaya ya namna hiyo haimo katika mfano wetu, wala sidhani kwamba mwanafunzi yeyote ataweza kukutajia mojawapo anayoifahamu.

Hatua inayofuata ndiyo wahadhiri wengi huiruka, nami naiona kuwa ndiyo yenye utamu. Waambie kwamba kaya ya pili ina kipato kikubwa zaidi, na matumizi yake halisi ni 3,000 kwa mwezi, mgawanyo ukiwa uleule. Kisha uliza: “Kama taifa lote lingekuwa kaya hizi mbili, tangazo la mwezi lingesema mfumuko ni asilimia ngapi?” Ofisi ya takwimu kwa kawaida hujumlisha matumizi yote ya walaji na kuuliza gharama ya jumla hiyo imepanda kwa kiasi gani. Kaya ya kwanza imeongezewa mzigo wa 95. Kaya ya pili, kwa kuwa matumizi yake ni mara tatu ya 1,000, imeongezewa 154.5. Pamoja ni 249.5 juu ya matumizi ya 4,000, na hiyo ni asilimia 6.2 hivi. Waache wakae na namba hiyo kidogo. Tangazo ni sahihi mpaka kwenye desimali, lakini hakuna kaya hata moja kati ya hizo mbili iliyopata asilimia 6.2, na kaya yenye kipato kidogo imepata mfumuko mkubwa zaidi ya uliotangazwa.

Sasa wataelewa walichokuwa wakikinung'unikia. Fahirisi ya kitaifa hupima matumizi, na anayetumia zaidi huhesabika zaidi, kama kura zinazopigwa kwa fedha. Ukitoa kura moja kwa kila kaya badala ya kura moja kwa kila fedha, wastani wa 9.5 na 5.15 unakuwa asilimia 7.3 hivi. Hakuna kati ya njia hizi mbili iliyo ya udanganyifu, ila zinajibu maswali tofauti. Kama shabaha ni kujua thamani ya fedha inavyopungua katika uchumi mzima, ya kwanza inafaa. Kama shabaha ni kujua kaya ya kawaida inaishije, ya pili ina hoja nzito. Ningependa wanafunzi wabishane hapo, kwa sababu ubishi huo ni halali na hata wataalamu wanao. Mjerumani mwingine, Ernst Engel, alionyesha mwaka 1857 kwamba kadiri kipato cha kaya kinavyopungua ndivyo sehemu ya matumizi inayoenda kwenye chakula inavyokua. Ukiunganisha hilo na hesabu ya ubaoni, wanafunzi watatoa wenyewe hitimisho lenye mipaka yake: kila mara vyakula vinapopanda haraka kuliko mengine, tangazo la kitaifa litapungukia maumivu ya wenye kipato kidogo, na vyakula vinapopanda polepole kuliko mengine, mambo yatageuka kinyume. Sehemu hiyo ya mwisho isisahaulike, maana ndiyo inayoonyesha kama wameelewa au wamelalamika tu.

Kwa uadilifu, wape pia hoja ya upande wa pili. Kapu lililofungwa haliruhusu mlaji kubadilisha anachonunua, ilhali watu wengi, kitu kikipanda, huhamia kingine kinachokaribiana nacho. Kwa hiyo fahirisi ya aina hii huelekea kuzidisha mfumuko, si kuupunguza. Mwaka 1996 tume ya wachumi nchini Marekani iliyoongozwa na Michael Boskin ilikadiria kwamba fahirisi ya huko ilikuwa ikizidisha kwa takriban nukta 1.1 za asilimia kwa mwaka, na kuhama kwa walaji kutoka kitu hadi kingine kulikuwa mojawapo ya sababu ilizozitaja. Lakini swali linalofaa kufuata hapo ni hili: “Kaya iliyokwisha kushuka mpaka kwenye bidhaa ya bei ya chini kabisa itahamia wapi?” Nimeona darasa likikaa kimya kwa swali hilo, na haukuwa ukimya wa kutojua.

Kuhusu bei wanazokusanya wenyewe, niseme wazi kwamba makosa mengi ya zoezi hili hutokea kabla mjadala haujaanza. Mwaka wa kwanza nilipolifanya, kundi moja lilirudi na mfumuko wa asilimia 30 ndani ya wiki nne. Nusu saa nzima tuliitumia kutafuta sababu kubwa za kiuchumi, mpaka binti mmoja akakumbuka kwamba mara ya kwanza walimuuliza muuzaji wa jumla na mara ya pili wakamuuliza wa rejareja. Tangu siku hiyo, swali langu la kwanza baada ya wanafunzi kurudi ni: “Mnaweza kunithibitishia kwamba mmepima kitu kilekile mara mbili?” Kitu kilekile maana yake ni bidhaa ileile, ubora uleule, kiasi kilekile, muuzaji yuleyule au walau wa aina ileile, na ikiwezekana saa zilezile za siku, kwa sababu jioni bidhaa zinazoharibika haziuzwi kwa bei ya asubuhi.

Kiasi ndicho kinachosumbua kuliko vyote. Sokoni vitu vingi huuzwa kwa fungu, kwa kopo au kwa mkono, na muuzaji anayeogopa kumfukuza mteja huiacha bei palepale na kulipunguza fungu. Mwanafunzi ataandika kwamba bei haikubadilika, na kwa namna fulani atakuwa ameandika ukweli. Mpe mizani. Kama fungu lilikuwa na uzito wa gramu 500 na sasa lina gramu 450 kwa bei ileile, muulize bei ya gramu moja imepanda kwa asilimia ngapi. Wengi watajibu 10, kwa sababu fungu limepungua kwa asilimia 10. Jibu sahihi ni 11.1, kwani fedha zilezile zinagawanywa kwa kiasi kidogo zaidi, na 500 ukigawa kwa 450 unapata 1.111. Apime mafungu matatu kwa kila muuzaji, si moja, halafu aangalie tofauti iliyopo baina ya mafungu ya siku moja. Ikiwa mafungu ya asubuhi moja yanatofautiana kwa gramu 60, upungufu wa gramu 50 alioupata baada ya mwezi haujamwambia kitu bado. Hili ni somo la takwimu linaloingia kwa mlango wa nyuma, nami naliona lina faida kuliko kurasa kumi za nadharia.

Swali la pili kubwa ambalo ningelitenga peke yake, hata kama litakula kipindi kizima, ni lile ambalo wananchi huuliza kila mara tangazo jema linapotoka: “Wanasema mfumuko umeshuka. Mbona bei hazijashuka?” Wanafunzi wako wa uchumi watamcheka anayeuliza hivyo, kisha ukiwabana kidogo utagundua kwamba nao hawana hakika. Mfumuko ni mwendo wa bei. Gari likipunguza mwendo bado linakwenda mbele, na ili lirudi lilikotoka sharti ligeuzwe, jambo ambalo katika bei ni nadra na lina matatizo yake lenyewe.

Wape hesabu hii. Fahirisi ilikuwa 100. Mwaka wa kwanza ikafika 120, maana yake mfumuko ni asilimia 20. Mwaka wa pili ikafika 126, maana yake mfumuko umeshuka mpaka asilimia 5. Kaya fulani ilikuwa na kipato cha 100. Mwaka wa kwanza kikapanda kwa asilimia 10 na kuwa 110, mwaka wa pili kikapanda kwa asilimia 5 na kuwa 115.5. Uliza: “Mwaka wa pili kipato na bei vimepanda sawasawa. Je, kaya hii imepona?” Ukigawa 110 kwa 120 unapata 0.917, na ukigawa 115.5 kwa 126 unapata 0.917 ileile. Kaya ilipoteza zaidi ya asilimia 8 ya uwezo wake wa kununua katika mwaka wa kwanza, na mwaka wa pili haikurudishiwa hata chembe. Ilizuiwa tu isizidi kuanguka. Kwa hiyo mama anayesema maisha bado ni magumu na afisa anayesema mfumuko umedhibitiwa hawapingani hata kidogo, kwa kuwa mmoja anazungumzia kimo cha bei na mwingine anazungumzia kasi yake.

Hapohapo weka mtego mdogo wa miezi, kwa sababu ndio unaoleta habari za kushangaza magazetini. Tangazo la kila mwezi kwa kawaida hulinganisha mwezi huu na mwezi kama huu wa mwaka uliopita. Chukua mwaka jana ambapo fahirisi ilikuwa 100 mwezi wa tatu, kisha ikaruka mpaka 106 mwezi wa nne. Mwaka huu ikawa 108 mwezi wa tatu na 108 mwezi wa nne. Mfumuko wa mwezi wa tatu ni asilimia 8. Wa mwezi wa nne ni 108 kugawa kwa 106, yaani asilimia 1.9. Sokoni hakuna kilichosogea kati ya miezi hiyo miwili, lakini mfumuko umeanguka, kwa sababu tu mruko wa mwaka jana umeingia kwenye msingi wa kulinganishia. Wanafunzi waliokusanya bei za majuma manne wataona utulivu, tangazo litasema nafuu kubwa imepatikana, na wote wawili watakuwa wamesema kweli. Kwa sababu hiyo, usiwaache walinganishe badiliko la wiki nne walilolipima wao na asilimia ya mwaka iliyotangazwa. Walinganishe na badiliko la mwezi hadi mwezi, ambalo ofisi nyingi za takwimu hulichapisha katika taarifa ileile, kurasa chache mbele. Na kama bidhaa zao ni za msimu, tofauti ya wiki nne inaweza kuwa ni mavuno tu, ambayo yangetokea hata katika nchi isiyo na mfumuko wowote.

Nimeacha swali la sababu mwisho kwa makusudi, kwa maana ndilo wanafunzi hulikimbilia na ndilo ambalo data yao haiwezi kulibeba. Swali kama “Kwa nini wafanyabiashara wanapandisha bei?” tayari limeshatoa hukumu, na majibu yake yatakuwa lawama. Afadhali uulize: “Bidhaa hii imepanda. Ni nini kingine tungehitaji kukijua ili tuchague kati ya maelezo mawili?” Maelezo ya kwanza ni kwamba ugavi umepungua, na ya pili ni kwamba mahitaji yameongezeka. Bei peke yake haitofautishi, kwani katika hali zote mbili inapanda. Kinachotofautisha ni kiasi kinachouzwa. Bei ikipanda na kiasi kikapungua, shaka iende kwanza kwenye ugavi. Bei ikipanda na kiasi nacho kikaongezeka, iende kwanza kwenye mahitaji. Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka kuzungumzia sababu amuulize muuzaji pia anauza kiasi gani kwa siku, na alikuwa akiuza kiasi gani mwezi uliopita. Kumbukumbu za muuzaji si daftari la hesabu, lakini mwelekeo huwa anaujua. Hata hapo, pande zote mbili zinaweza kusogea kwa pamoja, na darasa likubali kuondoka na jibu la “haijulikani bado”.

Wakumbushe vilevile kwamba bidhaa moja kupanda ni badiliko la bei linganishi, na si lazima liwe mfumuko. Mfumuko ni kupanda kwa kiwango cha bei kwa jumla, na kwa kuendelea. Njia nyepesi ya kuwafanya waone tofauti hiyo ni kuwauliza bidhaa ngapi katika orodha yao zilipanda, ngapi zilibaki palepale na ngapi zilishuka. Kama bidhaa mbili kati ya ishirini zimepanda sana na nyingine zimetulia, wana kisa cha bidhaa mbili. Kama kumi na nane zimepanda kidogo kidogo, hapo wana jambo ambalo mhadhara wako ulilizungumzia, hata kama hakuna bidhaa iliyowashtua.

Ukiniuliza ufanye yote haya katika kipindi kimoja, nitakusihi usijaribu. Ningechukua swali la kaya mbili katika kipindi cha kwanza kabla hawajakwenda sokoni, ili waende wakijua wanatafuta nini. Mizani na mafungu yaende nao sokoni. Kisha swali la kimo na kasi liwasubiri wakirudi. Swali la sababu lipate muda utakaobaki, na kama hautabaki, hawatakuwa wamepoteza kitu kikubwa.

Kuna jambo moja la kuwa nalo makini. Mtihani mzuri wa hoja ya uzito ni kila mwanafunzi kuhesabu mfumuko wa kwao nyumbani, na najua kishawishi cha kulifanya zoezi hilo darasani ni kikubwa. Lakini mgawanyo wa matumizi ya kaya hufichua umaskini kwa haraka sana. Mwanafunzi ambaye asilimia 75 ya matumizi ya kwao ni chakula ameshasema mbele ya wenzake jambo ambalo pengine hajawahi kumwambia rafiki yake. Wape kaya za kubuni zenye migawanyo tofauti, na anayetaka kuhesabu ya kwao afanye faraghani bila kuikabidhi.

Iwapo unakusudia kwenda mbali zaidi ya mjadala, kwa mfano wanafunzi watake kuandika tasnifu kwa bei hizo, au chama fulani kikuombe namba za kutumia katika madai ya mishahara, hapo usitegemee maandishi yangu haya. Fika mwenyewe katika kitengo cha bei cha ofisi ya takwimu, uombe jedwali la uzito wa makundi na uulize linatokana na utafiti wa matumizi ya kaya wa mwaka gani, maana uzito uliopitwa na miaka mingi unaweza kuelezea walaji ambao hawako tena. Waulize pia wanafanya nini bidhaa inapokosekana sokoni kwa mwezi mzima, kwa kuwa majibu ya swali hilo hutofautiana na huathiri matokeo. Kwa uzoefu wangu, maafisa wanaokusanya bei hufurahi kuulizwa mambo ya namna hii kwa sababu wanaowauliza ni wachache, na ukimpata mmoja aliye tayari kuja darasani, mpe zile kaya mbili za ubaoni na uwaache wanafunzi wamuulize wao wenyewe namba yake ni mfumuko wa nani.